P, t, k: sikio linajuaje ipi ni ipi? Maswali yanayoulizwa kila siku kuhusu mlipuko na mpito wa formanti

Haya ni maswali ambayo wanafunzi wa fonetiki na watu wanaochezea Praat, programu ya kupima sauti, wanayarudia kila muhula. Nimeyapanga kuanzia ya kawaida kwenda yale ya kona kona. Maneno makuu ya mfano ni tisa na yanarudi ukurasa mzima: pia, tia, kia, paa, taa, kaa, pua, tua, kua. Nimeyachagua kwa sababu yote ni Kiswahili cha kweli na yanakupa konsonanti tatu mbele ya irabu tatu zilizo mbalimbali.

## Ya mwanzo

1. Kwenye spektrogramu p, t na k zote ni ukimya mtupu, sasa tofauti iko wapi?

Spektrogramu ni picha ya sauti, muda unaenda kulia na masafa yanapanda juu, na ukimya wenyewe hapo hauna siri yoyote. Hewa imefungiwa, hakuna kinachotoka, na ukikata kile kipande cha ukimya cha kaa ukakibandika kwenye paa hakuna atakayejua. Tofauti iko pembeni, pale mlango unapofunguliwa. Kwanza kuna kelele fupi ya hewa kuchomoka, ndo tunaita mlipuko, alafu kuna kipindi kifupi ambacho mdomo unatoka kwenye mkao wa konsonanti kwenda mkao wa irabu, na wakati huo formanti, ile mistari minene ya nguvu kwenye picha, zinaonekana zinapinda, huo ndo mpito. Neno likiwa na irabu kabla ya kipasuo, yani konsonanti ya namna hii ya kufunga na kuachia, mfano *hapa* au *kata*, kuna mpito mwingine upande wa kuingilia pia, ila ukigombana na ule wa kutokea wasikilizaji kwa kawaida wanafuata wa kutokea.

2. Mlipuko una urefu gani? Kwangu mimi unaonekana kama mstari tu.

Ni mfupi kweli. P inaweza kuwa na milisekunde 5 au 10 tu na mara nyingine haionekani kabisa, t ni zaidi kidogo, na k ndo ndefu, inafika 20 au 30 na saa ingine inapasuka mara mbili au tatu, utaona vimistari viwili vitatu vimesimama pamoja. Usidhani rekodi imeharibika. Mgongo wa ulimi ni mzito na unaachia kaakaa taratibu kwenye eneo pana, kwaiyo hewa inaufunga na kuufungua tena kabla haujaachia moja kwa moja. Ukiona mpasuko wa mara mbili hiyo ni dalili nzuri ya k, ingawa usiitegemee peke yake.

3. Na formanti zinapinda kwanini?

Formanti ni masafa ambayo uwazi wa kinywa na koo unayakuza, na umbo la uwazi likibadilika nayo yanahama. Ulimi hauwezi kuruka, lazima upite njiani, kwahiyo formanti nazo zinapita njiani, kwa kawaida ndani ya milisekunde 40 au 50 hivi.

Formanti zinahesabiwa kutoka chini kwenda juu, F1, F2, F3. Hapa kuna kitu watu wanachanganya sana: F1 inapanda kwenye vipasuo vyote, iwe p iwe t iwe k, kwa sababu mdomo ulikuwa umefungwa na sasa unafunguka. F1 inakwambia "hapa palikuwa na kipasuo", haikwambii kilifungiwa wapi. Habari za mahali ziko kwenye F2, na F3 inasaidia.

## Mlipuko

4. Kwanini kila konsonanti ina mlipuko wenye sura yake?

Kwa sababu ya uwazi ulio mbele ya pale ulipofunga. Kelele inatokea pale pale hewa inapochomoka, na kinachoikuza ni nafasi kati ya hapo na midomo. Nafasi hiyo imefungwa upande wa nyuma na iko wazi mbele, kwahiyo masafa yake ya kwanza yanapatikana kwa hesabu rahisi:

```
F = c / (4 × L)     c = 35000 cm/s
```

L ni urefu wa uwazi wa mbele kwa sentimita. Chukua t: ulimi uko kwenye ufizi, mbele yake kuna kama sentimita 2, unapata 35000/8, yani Hz 4375. Ndo maana t inasikika kali, nguvu yake iko juu. Chukua k ya kaa: mbele ya mgongo wa ulimi kuna kama sentimita 5, unapata 1750. Nguvu imejikusanya katikati, kilele kimoja kinene. Na p je? Midomo ndo mwisho wa njia, hakuna uwazi mbele, hakuna cha kuikuza kelele, kwahiyo inatoka dhaifu na imetawanyika, ikielemea chini chini.

Kwahiyo sura tatu: p imetawanyika na inashuka kadiri unavyopanda juu kwenye masafa, t imetawanyika na inapanda, k imejikusanya katikati. Hesabu hii ni ya bomba lililonyooka, kinywa cha mtu si bomba, ila inakuweka karibu vya kutosha kujua unatafuta nini.

5. Nimepima k ya kia, kaa na kua, nimepata vilele vitatu tofauti kabisa. Nimekosea?

Hujakosea, k ndo ilivyo. P na t zimefungwa na maumbile, midomo ni midomo na ufizi ni ufizi, lakini mgongo wa ulimi una uwanja mpana wa kugusa na unagusa kwa kuangalia irabu inayokuja. Kwenye kia ulimi umeshasogea mbele, uwazi unabaki kama sentimita 3 na hesabu inakupa karibu 2900. Kwenye kaa ni hiyo 1750 ya juu. Kwenye kua ulimi umerudi nyuma na midomo imeshaviringwa kusubiri u, hapo hesabu ya bomba haitoshi tena kwa sababu midomo imebana tundu la mbele, na kilele kinashuka mpaka maeneo ya 1000 au chini yake.

Ukivitazama vilele hivyo peke yake vinaonekana fujo. Viweke pembeni ya formanti za irabu inayofuata utaona mpango: kilele cha k kinakaa karibu na F2 ya irabu, na mbele ya i kinasogea kwenda F3. Huu ndo ufunguo wa ukurasa mzima, mlipuko unasomwa kwa kulinganisha na irabu yake.

6. Hakuna namba moja tu ya kukariri? Mfano "ikizidi Hz fulani ni t"?

Kwa t unaweza kujidanganya hivyo kidogo, kelele iliyo juu ya 3000 na kitu mara nyingi inasikika t. Kwa nyingine haiwezekani, na hili lilishajaribiwa zamani. Pale Haskins Laboratories, Marekani, Alvin Liberman, Pierre Delattre na Franklin Cooper walikuwa na mashine ya Pattern Playback, unachora spektrogramu kwa mkono nayo inaisoma kwa mwanga inatoa sauti. Mwaka 1952 walitoa matokeo ya kuweka vipande vya kelele mbele ya irabu za kuchora. Kelele ile ile moja ya Hz 1440 ilisikika p ikiwekwa mbele ya i na mbele ya u, ikiwekwa mbele ya a ikasikika k.

Kelele haijabadilika hata kidogo, irabu ndo imebadilika. Na ukirudi swali la 5 utaona sababu, F2 ya a iko jirani na 1440 kwahiyo kelele inafanana na ya k, lakini F2 ya i iko mbali juu na ya u iko mbali chini, kelele inabaki haina mwenyewe, sikio linaipa p.

7. Mbona kuna waliosema sura ya spektra peke yake inatosha?

Ni Kenneth Stevens na Sheila Blumstein, mwishoni mwa miaka ya 1970. Walichukua dirisha la milisekunde kama 26 kuanzia mlango unapofunguliwa, wakachora sura ya spektra, yani nguvu ya sauti kwenye kila masafa, wakaipima kwa vigezo vitatu vile nilivyotaja swali la 4. Mwaka 1979 waliripoti kwamba vipasuo vya mwanzo wa silabi vilipangwa sawa kwa karibu asilimia 85. Sio mbaya hata kidogo. Angalia lakini dirisha lenyewe, milisekunde 26 hazimezi mlipuko peke yake, kwenye b na d, ambazo pamoja na g zinafungiwa pale pale pa p, t na k, ndani yake kuna mwanzo wa mpito pia.

Baadaye watu walitengeneza sauti ambazo sura ya spektra inasema hivi na mpito unasema vile, na wasikilizaji wakaufuata mpito. Mimi naona walikuwa sahihi kwamba habari ipo kwenye sauti, ila kuisoma kama picha moja iliyosimama ndo kulikobana. Diane Kewley-Port mwaka 1983 alionyesha kwamba ukiiangalia spektra inavyobadilika ndani ya hizo milisekunde chache unapata zaidi.

## Mpito wa formanti

8. F2 ya kila konsonanti inatokea wapi?

Haohao wa Haskins, mwaka 1955, walisema kila mahali pa kufungia pana kitovu, yani masafa ambayo F2 inaelekea kama inatokea hapo bila kujali irabu. Kwa b ni karibu 720, kwa d ni karibu 1800, kwa g ni 3000 lakini kwa irabu za mbele tu, ukifika kwa o na u kitovu cha g kinapotea.

Kwa macho inakuwa hivi: kwenye daa F2 inashuka kutoka juu kuingia a, kwenye dua inashuka zaidi, kwenye dia inapanda kidogo. Kwenye b inapanda karibu kila mahali, kwa sababu kufunga midomo kunashusha formanti zote. Ukiona F2 na F3 zote zinatokea chini, anza na wazo la midomo.

9. Kwenye rekodi yangu F2 ya d haianzii 1800, inaanzia 1500 na kitu. Kitovu ni uongo?

Kitovu ni pale mstari unapoelekea, sauti yenyewe inaanza katikati ya safari. Wakati F2 iko kitovuni mdomo bado umefungwa, hakuna sauti ya kuisikia. Hao jamaa walijaribu kuchora mpito unaoanza pale pale 1800 mpaka kwenye irabu, ikatoka vurugu, irabu moja ikasikika b, nyingine d, nyingine g. Walipoifuta nusu ya kwanza ya mpito, kama milisekunde 50, ikabaki inaelekeza tu bila kufika, irabu zote zikasikika d.

10. Mlinganyo wa kitovu ni nini na unahesabiwaje?

Unapima F2 sehemu mbili kwa kila neno, mwanzoni kabisa irabu inapoanza kusikika na katikati ya irabu. Kwa konsonanti moja na irabu nyingi unapata nukta nyingi, unachora mstari, unasoma mwinamo wake. Bjorn Lindblom alilianza mwaka 1963, na Harvey Sussman na wenzake wakalifufua kwa nguvu mwaka 1991.

Tufanye moja kwa namba za kufundishia, zinazofanana na za mwanaume mtu mzima. Konsonanti d: mbele ya i, F2 ya katikati ni 2300 na ya mwanzo 2050. Mbele ya a ni 1350 na 1600. Mbele ya u ni 800 na 1400. Kutoka u mpaka i katikati imesogea 1500 lakini mwanzo umesogea 650 tu, mwinamo ni 650/1500, sawa na 0.43. Sasa b: kwa i ni 2300 na 2100, kwa a ni 1350 na 1250, kwa u ni 800 na 800. Mwanzo umesogea 1300, mwinamo ni 0.87.

Maana yake nini? Kwenye b ulimi hauna kazi, uko huru kukaa kwenye irabu tangu mapema, kwahiyo mwanzo unaifuata irabu karibu moja kwa moja. Kwenye d ncha ya ulimi imeshikwa kwenye ufizi na mwanzo unagoma kuhama. Ukitaka kitovu chenyewe tafuta pale mwanzo na katikati vinapolingana: kwa d mstari ni `y = 0.43x + 1053`, inakupa kama 1850, jirani kabisa na ile 1800 ya swali la 8. Kwa b inatoka 800.

11. Na g au k mwinamo wake ukoje?

Ukizichanganya irabu zote unapata wastani kama 0.66, kwahiyo inakaa katikati ya b na d. Ila wastani huo unaficha jambo, nukta za irabu za mbele zinalala kwenye mstari mmoja na za nyuma kwenye mstari mwingine ulio mkali zaidi, ni kule kuhama kwa ulimi tulikokuona swali la 5. Zichore kando kando.

Kwa macho dalili ya g na k ni mbano, F2 na F3 zinatokea zimekaribiana sana alafu zinaachana kadiri irabu inavyofunguka. Mbele ya a inaonekana vizuri mno. Mbele ya u usiitafute sana, F2 iko chini mno na mbano haupo.

12. Kwahiyo kipi kina nguvu zaidi, mlipuko au mpito?

Hivi viwili vinasaidiana kwa kupokezana. Michael Dorman na wenzake walikata na kubandika sauti mwaka 1977 wakaona kwamba pale mlipuko unapokaa karibu na formanti kubwa ya irabu mpito unakuwa mfupi na mlipuko unabeba kazi, na pale mpito unapokuwa mrefu mlipuko hauongezi kitu kikubwa. Kua ni mfano wa kwanza, kilele cha mlipuko kiko jirani na F2 ya u na F2 yenyewe haina safari. Baa ni mfano wa pili, mlipuko dhaifu na mpito unapanda wazi wazi. Anayekwambia "asilimia fulani mlipuko, asilimia fulani mpito" muulize mbele ya irabu gani.

## Kupima mwenyewe

13. Nipime vipi kwenye Praat, hatua kwa hatua?

Rekodi kwa 44100 Hz, faili la WAV, kila neno ndani ya sentensi moja ile ile, mfano "Sema kaa tena". Kuza mpaka uone mlipuko, weka kishale pale kelele inapoanza ghafla, andika muda. Tuseme ni sekunde 0.412. Kwa mlipuko:

```
Extract part: 0.407, 0.427, "Hamming", 1, "no"
To Spectrum: "yes"
Cepstral smoothing: 500
```

Alafu chora na uangalie kilele kiko wapi. Kwa formanti rudi kwenye sauti nzima:

```
To Formant (burg): 0, 5, 5000, 0.025, 50
Get value at time: 2, 0.445, "hertz", "linear"
```

Hiyo 5000 ni ya mwanaume, kwa mwanamke weka 5500. Soma F2 kwenye wimbi la kwanza la irabu lililo wazi, kisha katikati. Kwenye pia, tia na kia usichukue katikati ya irabu zote mbili kwa pamoja, F2 inatoka i inaporomoka kuingia a, chukua pale ilipofika juu kabisa. Bahati nzuri mkazo uko kwenye hiyo i kwahiyo haijafupishwa sana.

Usisome namba bila kuangalia zile nukta nyekundu juu ya spektrogramu. Kwenye pua na kua, F1 na F2 ziko karibu kiasi kwamba programu inaweza kuziona kama moja, alafu inakupa F3 ikidai ni F2. Ukiona F2 ya u inasoma 2300 jua ndo hicho.

14. P yangu ina nguvu kubwa chini kuliko k. Vitabu vinasema p ni dhaifu!

Asilimia kubwa ni pumzi imeipiga maiki. Hewa ya p inatoka moja kwa moja mbele, ikigonga maiki inatoa mtikisiko mkubwa chini ya Hz 200, na sura inayopatikana, chini juu na juu chini, inafanana na ile unayoitegemea kwa p kwahiyo wengi wanafurahi wanaendelea. Jua kwa kuangalia wimbi: kama baada ya p mstari mzima unaelea juu au chini taratibu, ni upepo. Sogeza maiki pembeni ya mdomo, kama pembe ya digrii 45. Kuchuja baadaye kunasaidia kiasi tu.

15. Naweza kutumia voisi noti za watsap?

Kwa mpito wa F2, kwa shida, na kwa tahadhari. Kwa mlipuko hapana. Sauti inabanwa kabla ya kutumwa, na vitu vifupi vyenye kelele ndo vya kwanza kuumia. Simu za kawaida ni mbaya zaidi, mkondo wao wa jadi unapitisha kama Hz 300 mpaka 3400. Kilele cha t kiko 4000 na kitu, hakifiki upande wa pili. Bado unamsikia mtu akisema taa na si paa kwa sababu mpito umepita, ila ukimtajia jina geni lenye t na p ndo anaanza "t ya nini?".

## Kiswahili chenyewe na kesi za kona

16. B, d, g zangu hazina mlipuko kabisa. Mimi ni wa pwani, ina uhusiano?

Ina uhusiano mkubwa. Waswahili wengi wanazitamka b, d, g kwa kushusha koromeo wakati mdomo umefungwa, presha ndani haipandi, na mlango ukifunguliwa hakuna hewa iliyobanwa ya kuchomoka. Utaona ghuna, yani mtetemo wa nyuzi za sauti, inaendelea ndani ya ufungaji na inakua nene kadiri inavyokaribia kufunguka, kisha irabu inaanza bila ile kelele. Hapo acha kuhangaika na spektra ya mlipuko, nenda kwenye mpito tu, maswali ya 8 mpaka 11. Kwenye mb, nd na ng mambo yanabadilika, kule kushuka kwa koromeo hakupo na mlipuko mdogo unaweza kurudi.

17. Nazungumza lahaja yenye mpumuo, paa wa porini na paa la nyumba ni tofauti kwangu. Nipime wapi?

Hapa wengi wanaumia bila kujua. Paa la nyumba halina mpumuo, irabu inaanza karibu mara moja baada ya mlipuko na mpito uko ndani yake. Paa wa porini ana mpumuo, baada ya mlipuko kuna pumzi ndefu kabla nyuzi za sauti hazijaanza, na mpito mwingi unapita ndani ya pumzi hiyo. Ukipima F2 pale ghuna inapoanza, safari imeshaisha, F2 iko tayari kwenye irabu.

Matokeo yake ni kwamba kila konsonanti yenye mpumuo inapata mwinamo unaokaribia 1, hata t. Mtu asiyejua ataandika kwamba t yenye mpumuo ni ya midomo! Dawa ni kuifuata F2 ndani ya pumzi, inaonekana kama kivuli cha kijivu kwenye spektrogramu, na kupima mara tu baada ya mlipuko. Programu inasumbua hapo, pima kwa macho na kishale.

18. Kwanini ki inachanganywa na ti au chi, ila ka haichanganywi na ta?

Rudi swali la 5. Mlipuko wa ki umepanda karibu na 3000, unaanza kuingia eneo la t, mlipuko ni mrefu wenye kelele kama ch, na F2 ya k na t mbele ya i zinaanzia karibu karibu juu kule. Dalili zote zinasogeleana kwa wakati mmoja. Kwa ka hakuna kinachosogea, 1750 na 4375 haziwezi kugongana. Susan Guion mwaka 1998 alijaribu kwa wasikilizaji wa Kiingereza, ki ikawa inasikika chi kuliko k mbele ya irabu nyingine, hasa ikiwa na kelele za pembeni. Mkanganyiko unaenda upande mmoja zaidi, ki kwenda chi, mara chache kurudi.

Na angalia majirani: Chichewa, Chimakonde, na hata Chimwiini, Kiswahili cha Barawa, wote kiambishi chao ni chi pale sisi tunaposema ki. Ulimi nao una mchango wake, sio sikio peke yake, ila akustika ilishafungua njia.

19. T za Mombasa ziko mbili, ya meno na ya ufizi. Njia hii inazitenganisha?

Inawezekana ila ni kazi ngumu, mahali pa kufungia pamekaribiana mno. Anza na mlipuko: ya meno kwa kawaida ni dhaifu na imesambaa bila kilele, ya ufizi ina nguvu zaidi juu. F2 ya mwanzo ya meno mara nyingi iko chini kidogo, tofauti ndogo ambayo kwa neno moja moja itamezwa na makosa ya kupima. Rekodi marudio mengi, msemaji mmoja mmoja, irabu moja moja, na kama mlipuko umerekodiwa kwa simu usianze kabisa, sababu ziko swali la 15.